Umati, Halaiki na Nakala: Makundi Makubwa katika Filamu za Kiepiki Kabla na Baada ya Kompyuta

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna makundi makubwa ya watu na majeshi yalivyoandaliwa katika filamu za kiepiki kabla na baada ya kompyuta kupata uwezo wa kunakili sura za watu. Mifano mikuu ni filamu nne: Waterloo (1970), Gandhi (1982), Forrest Gump (1994) na The Lord of the Rings: The Two Towers (2002). Inadaiwa kwamba udanganyifu wa idadi ulikuwapo tangu miaka ya mwanzo ya sinema, na kwamba mabadiliko makubwa yaliyoletwa na kompyuta yanahusu chanzo cha nidhamu ya kundi: nani anawaongoza wengi, kwa njia gani, na nini hutokea uongozi huo unaposhindwa. Ili mabadiliko hayo yajadiliwe kwa Kiswahili bila kuchanganya mambo, makala yanapendekeza istilahi nne zitofautishwe: umati, halaiki, nakala na wakala.

1. Utangulizi

Filamu ya kiepiki, kwa maana inayotumika hapa, ni ile inayosimulia tukio kubwa la kihistoria au la kubuni kwa kuonyesha mkusanyiko wa watu ambao jicho haliwezi kuwahesabu. Mtazamaji huoneshwa uwanda uliojaa askari, mji uliojaa waombolezaji au ukumbi wa michezo wenye maelfu ya washangiliaji, naye hutarajiwa kustaajabu. Mara nyingi mazungumzo kuhusu filamu hizi huishia kwenye ulinganisho mmoja tu: zamani watu walikuwa wa kweli, siku hizi wanatengenezwa na kompyuta. Ulinganisho huo una ukweli ndani yake, lakini unaficha zaidi ya unavyofichua.

Unaficha mambo mawili. Kwanza, watengenezaji wa filamu za zamani walitumia sanamu, mbao na vikaragosi vidogo ili kujaza nafasi ambazo watu halisi hawakutosha. Pili, hata watu walipokuwa halisi, hawakuwa wa aina moja. Kundi la askari waliopelekwa uwanjani kwa amri ya jeshi si sawa na kundi la raia waliokuja kwa hiari yao. Tofauti hiyo inaonekana katika picha, inaonekana katika gharama, na ina uzito kwa mtafiti anayetaka kuitumia filamu kama ushahidi wa kihistoria au kwa mshauri wa sera anayeombwa maoni kuhusu nchi kuwapokea watengenezaji wa filamu kutoka nje.

Kiswahili kina maneno yanayosaidia hapa. Umati ni watu wengi waliokusanyika, kila mmoja akiwa na sababu yake. Halaiki, pamoja na maana yake ya jumla ya watu wengi, limepata nchini Tanzania maana mahususi: ni vijana waliofunzwa na kupangwa ili miili yao kwa pamoja itengeneze maumbo katika sherehe za kitaifa uwanjani. Katika umati mtu huja na nia yake, na katika halaiki mtu hupewa nafasi yake. Tofauti hii ndiyo msingi wa uchambuzi unaofuata.

2. Kanda tatu za picha

Kabla ya kuingia katika mifano, inafaa kueleza kanuni inayoongoza kazi yote ya kuandaa kundi kubwa. Picha ya kundi hugawanyika katika kanda tatu kulingana na umbali kutoka kwenye kamera. Katika ukanda wa mbele mtazamaji huona nyuso, vifungo vya mavazi na machozi. Katika ukanda wa kati huona mwendo wa mwili, yaani mtu anakimbia, anaanguka au anainua mkono, lakini uso haumtambulishi. Katika ukanda wa nyuma huona rangi na mtikisiko tu. Mtaalamu hujiuliza swali moja kuhusu kila ukanda: jicho linahitaji nini hapa ili liamini? Fedha hutumika kulingana na jibu.

Kanuni hiyo ni ya zamani. Katika filamu ya Ben-Hur ya mwaka 1925, sehemu ya chini ya uwanja wa mbio za magari ya farasi ilijengwa kwa ukubwa wake halisi na kujazwa watu. Sehemu ya juu ilikuwa kielelezo kidogo kilichoning'inizwa karibu na kamera na kulinganishwa kwa uangalifu na jengo lililo nyuma yake, nacho kilijazwa vikaragosi vidogo vilivyoweza kusogezwa ili vionekane kama watazamaji wanaoinuka na kupunga mikono. Katika Gone with the Wind (1939), majeruhi waliolala kwenye uwanja wa stesheni ya Atlanta walikuwa mamia ya watu waliochanganywa na mamia ya sanamu, na baadhi ya watu walizitikisa sanamu zilizokuwa kando yao ili zionekane zina uhai. Katika Zulu (1964), iliyopigwa Natal nchini Afrika Kusini, safu ya wapiganaji iliyoonekana juu ya vilima ilirefushwa kwa ngao na mapambo ya kichwani yaliyofungwa kwenye mbao, huku watu halisi wachache wakisimama katikati.

Mpango wa Stanley Kubrick wa kutengeneza filamu kuhusu Napoleon, uliobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na ambao haukutekelezwa, unaonyesha kanuni hiyo ikifikiriwa hadi kwenye hesabu za fedha. Kubrick alipendekeza askari wa nyuma wavae sare zilizochapwa kwenye karatasi ngumu, kwa kuwa katika umbali ule kamera isingeweza kutofautisha karatasi na kitambaa. Nakala, basi, ilikuwapo kabla ya kompyuta. Kilichokosekana ni njia ya kuifanya nakala itembee.

3. Halaiki: Waterloo, 1970

Kabla ya kompyuta, mtengenezaji wa filamu aliyetaka maelfu ya watu wanaotembea kwa mpangilio alikuwa na mahali pamoja pa uhakika pa kuwapata, nalo ni jeshi la nchi. Mfano ulio wazi zaidi ni Waterloo, iliyoongozwa na Sergei Bondarchuk kwa ushirikiano wa mtayarishaji wa Kiitalia Dino De Laurentiis na studio ya Kisovieti ya Mosfilm. Bondarchuk alikuwa ametoka kukamilisha War and Peace, ambayo nayo ilitumia maelfu ya askari, hivyo alikuwa na uzoefu na pia imani ya serikali yake.

Vita vya Waterloo vilipiganwa Ubelgiji mwaka 1815, lakini filamu ilipigwa mwaka 1969 karibu na mji wa Uzhhorod, magharibi mwa Ukraine. Ili uwanja ufanane na ule wa Ubelgiji, tingatinga zilisawazisha vilima viwili, barabara za takriban kilomita 8 zikatengenezwa, miti 5,000 ikahamishiwa hapo na nafaka ikapandwa mashambani. Kwa kuwa mvua iliyonyesha usiku wa kuamkia vita ina nafasi kubwa katika historia yenyewe, mabomba ya maji yenye urefu wa takriban kilomita 10 yalizikwa ardhini ili matope yapatikane yanapohitajika.

Kisha wakaletwa askari, kati ya 15,000 na 17,000, wakiwamo wapanda farasi. Miezi kadhaa kabla ya kamera kuanza kazi, walifunzwa mwendo wa kijeshi wa mwaka 1815: jinsi ya kupanga safu, kubeba bunduki zenye singe na kushughulikia mizinga. Waliishi katika kambi kubwa kando ya uwanja. Kila asubuhi baada ya kifungua kinywa waliingia kwenye jengo la mavazi, wakavaa sare na kwenda kwenye nafasi zao. Bondarchuk aliwasiliana na maofisa wao kwa redio za mkononi. Kwa kuwa wafanyakazi na waigizaji walitoka nchi mbalimbali, alikuwa na wakalimani wanne kando yake muda wote, wa Kiingereza, Kiitalia, Kifaransa na Kiserbia-Kikroeshia. Amri moja ya mwongozaji ilipita katika lugha, kisha katika cheo, kisha katika redio, ndipo ikafika kwenye mguu wa askari.

Hii ndiyo halaiki kwa maana kamili. Nidhamu yake haikutengenezwa na sinema. Ilikodiwa ikiwa tayari kutoka kwenye taasisi iliyokwisha kuwalisha, kuwalaza na kuwafunza utii watu hao. Ndiyo maana filamu za aina hii zilipigwa katika nchi ambazo serikali zilikubali kutoa majeshi yao: Umoja wa Kisovieti, Yugoslavia, na Hispania ya Franco. Ramani ya filamu za kiepiki za miaka ya 1950 na 1960 ni, kwa kiasi kikubwa, ramani ya makubaliano kati ya watayarishaji na wizara za ulinzi.

Hata hivyo halaiki hiyo ilikuwa na mipaka. Mpaka wa kwanza ni idadi. Katika vita halisi, Wafaransa walikuwa zaidi ya 70,000, jeshi la Wellington lilikaribia idadi hiyo, na Waprusi waliofika baadaye waliongeza makumi ya maelfu. Jeshi zima la Bondarchuk halikufika hata moja ya kumi ya wote hao. Pengo lilizibwa kwa kamera tano zilizopiga kwa wakati mmoja, nyingine zikiwa ardhini, nyingine kwenye minara ya takriban mita 30 na nyingine kwenye helikopta, kisha kwa uhariri uliomfanya mtazamaji aunganishe vipande na kudhani kwamba kilicho nje ya fremu ni kingi kama kilicho ndani.

Mpaka wa pili unafundisha zaidi, nao ulionekana wakati wa kupiga mashambulizi ya wapanda farasi. Askari wa miguu wa mwaka 1815 walijilinda dhidi ya farasi kwa kusimama katika mraba, singe zikielekezwa nje pande zote. Katika vita halisi, miraba ya Wellington kwa jumla haikuvunjika, kwani farasi hukataa kujitupa kwenye ukuta wa vyuma ikiwa ukuta huo hausogei. Nguvu ya mraba ni kutosogea kwake. Lakini farasi walipokuja mbio kuelekea kwenye miraba ya Uzhhorod, baadhi ya askari walivunja safu na kukimbia, ingawa walijua kwamba mpanda farasi ni mwenzao na kwamba upanga wake ni wa maonyesho. Ilibidi kurudia. Nidhamu ya kukodi ilitosha kuwapanga watu, lakini haikutosha kuiondoa hofu ya mwili unapokabiliwa na mnyama mkubwa anayekimbia. Ardhi inayotikisika chini ya miguu haimwulizi mtu kama hii ni filamu.

Kushindwa huko ni ushahidi wa kile ambacho kamera ilikuwa inarekodi. Katika Waterloo, mavazi ni ya uongo na vifo ni vya uongo, lakini uzito wa farasi, vumbi, uchovu wa watu katika joto la kiangazi na kusitasita kwa safu ni mambo yaliyotokea kweli mbele ya lenzi.

4. Umati: Gandhi, 1982

Gandhi ya Richard Attenborough inaonyesha kundi la aina nyingine kabisa. Filamu inafungua kwa kuuawa kwa Mohandas Gandhi na mazishi yake. Mazishi halisi yalifanyika Delhi tarehe 31 Januari 1948. Attenborough alipiga mandhari hiyo Delhi tarehe 31 Januari 1981, siku ya kutimia miaka 33. Inakadiriwa kwamba watu zaidi ya 300,000 walishiriki. Takriban 200,000 kati yao walikuja kwa kujitolea, na waliobaki walilipwa ujira mdogo. Vikosi kumi na kimoja vya wapiga picha vilifanya kazi kwa wakati mmoja. Katika filamu iliyokamilika, mandhari hiyo inachukua dakika mbili na sekunde chache.

Idadi ya vikosi vya kamera inaeleza tatizo lenyewe. Bondarchuk aliweza kurudia, kwa kuwa askari wake walilala palepale na kesho yake wangerudi. Attenborough hakuweza. Watu laki tatu waliokuja kwa hiari hawawezi kurejeshwa mahali pa kuanzia na kuambiwa watembee tena, na saa chache baadaye wengi wangekwenda makwao. Kwa hiyo kila pembe iliyotakiwa ilibidi ipigwe asubuhi hiyohiyo, pembe zote kwa pamoja, na makosa yaliyotokea ndiyo yaliyobaki. Hiyo ndiyo gharama ya umati ikilinganishwa na halaiki: unaweza kuualika, unaweza kuuelekeza barabarani, lakini huwezi kuuamuru.

Faida yake nayo ni ya pekee. Wengi waliokuwa barabarani siku ile walikuwa na umri wa kutosha kumkumbuka marehemu, au walilelewa na waliomkumbuka. Uchaguzi wa tarehe ulilifanya tukio liwe kumbukizi na kazi ya filamu kwa wakati mmoja. Je, mtu aliyeinamisha kichwa jeneza lilipopita alikuwa anaigiza? Picha haiwezi kujibu, na pengine mtu mwenyewe asingeweza. Mtafiti anayetumia mandhari hii hana budi kuisoma kama hati mbili zilizoandikwa kwenye karatasi moja: ya kubuni kuhusu mwaka 1948, na ya kweli kuhusu India ya mwaka 1981 ikimkumbuka kiongozi wake.

5. Nakala: Forrest Gump, 1994

Miaka kumi na miwili baada ya Gandhi, mkutano mkubwa ulionekana tena kwenye sinema, safari hii ukiwa mkutano wa kupinga vita vya Vietnam jijini Washington, katika Forrest Gump ya Robert Zemeckis. Mtazamaji anaona makumi kwa makumi ya maelfu ya watu wakizunguka bwawa refu lililo mbele ya jengo la kumbukumbu ya Lincoln. Waliokuwapo siku ya kupiga picha walikuwa takriban 1,500.

Hatua za kazi hiyo ni rahisi kueleza. Watu wale 1,500 walipangwa katika sehemu moja ya uwanja na kupigwa picha. Kisha walihamishwa hadi sehemu ya pili huku kamera ikifuata mwendo uleule, wakapigwa tena, halafu sehemu ya tatu, na kuendelea. Baadaye, katika kampuni ya Industrial Light & Magic, kila picha ilikatwa ili ibaki sehemu yenye watu tu, na vipande vikaunganishwa kwa kompyuta kuwa picha moja. Vipande vya mbali vilijazwa kwa kurudia watu walewale wakiwa wadogo zaidi, kwa kuwa ukanda wa nyuma hauhitaji nyuso.

Wazo la kupiga mara kadhaa na kuunganisha halikuwa jipya, kwani lilifanyika kwa filamu ya kawaida kwa kuziba sehemu ya lenzi. Kompyuta iliongeza mambo mawili: mpaka kati ya vipande ungeweza kupinda kufuata mabega ya watu badala ya kuwa mstari ulionyooka, na kipande kilichonakiliwa hakikupoteza ubora kama ilivyotokea filamu iliponakiliwa juu ya filamu.

Makosa ya njia hii yanajulikana, na mtazamaji makini anaweza kuyatafuta. La kwanza ni kivuli. Jua husogea nyuzi 15 kwa saa. Ikiwa kuwapanga watu mara nne kunachukua nusu saa kila mara, basi kati ya picha ya kwanza na ya nne imepita saa moja na nusu, na jua limesogea zaidi ya nyuzi 22. Vivuli vya kundi la kushoto havitalingana na vya kundi la kulia, na jicho litahisi dosari hata kama halijui ilipo. La pili ni pacha: mtu mwenye shati jekundu anayeonekana mahali pawili akipunga mkono uleule. Ndiyo maana wanaopanga makundi ya aina hii huepuka mavazi yenye rangi kali, au huwabadilisha watu kofia na makoti kila wanapohamishwa. La tatu ni mshono, yaani utepe mwembamba usio na watu pale vipande viwili vinapokutana, kwa sababu hakuna aliyeweza kusimama nusu katika picha moja na nusu katika nyingine.

Katika Gladiator (2000) ya Ridley Scott, nakala ilitengana na mahali ilipopigwa. Sehemu tu ya ukumbi wa Kirumi ilijengwa huko Malta, na waigizaji wa umati walioketi humo walikuwa takriban 2,000, wakisaidiwa na picha za watu zilizokatwa kwenye maboksi. Maelfu waliobaki walitengenezwa na kampuni ya The Mill ya London kutokana na picha za watu waliopigwa mmoja mmoja wakishangilia, wakizomea au wakiketi, katika pembe na mwanga tofauti. Kila mtu akawa kadi ndogo inayotembea, na kadi hizo zikapandikizwa kwenye viti vya jengo lililochorwa kwa kompyuta.

Katika hatua hii yapo mambo ambayo nakala inaweza na mengine haiwezi. Inaweza kushangilia, kwa kuwa kushangilia ni kitendo ambacho mtu hukifanya akiwa mahali pake bila kumgusa jirani. Haiwezi kupigana, kwa kuwa pigo la mtu mmoja lazima lisababishe kuanguka kwa mwingine, na picha zilizopigwa kila moja peke yake hazina habari ya jirani. Mkutano na ukumbi wa michezo vilinakilika mapema, lakini vita vilisubiri.

6. Wakala: The Two Towers, 2002

Suluhisho la vita lilitoka New Zealand. Mwongozaji Peter Jackson alihitaji kuonyesha jeshi la viumbe 10,000 likishambulia ngome ya Helm's Deep. Ngome hiyo ilijengwa katika machimbo ya mawe nje ya mji wa Wellington, mji uliopewa jina la jemadari yuleyule aliyeshinda Waterloo. Waigizaji waliovaa ngozi na silaha za viumbe hao waliujaza ukanda wa mbele tu. Kanda mbili zilizobaki zilikabidhiwa programu iitwayo MASSIVE, iliyoundwa na Stephen Regelous.

Katika programu hiyo, kila askari ni kile ambacho kwa Kiswahili kinaweza kuitwa wakala. Wakala ana umbo la pande tatu na ana maktaba ya mienendo mifupi iliyorekodiwa kutoka kwa watu halisi, kama vile kutembea, kupiga kwa upanga, kukinga na kuanguka. Zaidi ya hayo, ana kanuni za kuamua. Hupewa namna ya kuona kilicho mbele yake na kusikia kilicho karibu. Kanuni zake humwelekeza kwa viwango badala ya ndiyo na hapana: adui akiwa karibu kiasi na upande wa kushoto kidogo, geuka kiasi na uinue ngao. Mwendeshaji hamwelekezi askari mmoja mmoja. Huwapanga, huwapa tofauti za kimo na za ukali, kisha huiacha programu iendeshe vita na kutazama matokeo. Asiporidhika, hubadilisha kanuni na kuendesha upya.

Kisa kimoja kutoka majaribio ya awali kimesimuliwa mara nyingi na waliohusika. Majeshi mawili yalipokutanishwa, baadhi ya mawakala walionekana wakikimbia kutoka vitani. Wengi walipenda kusema kwamba askari hao wa kompyuta walikuwa na akili ya kutosha kuogopa. Maelezo ya Regelous ni ya kawaida zaidi: mawakala hao walianza wakiwa wameelekea upande usio na adui, na kwa kuwa hakuna kilichoonekana mbele yao cha kupigana nacho, waliendelea kukimbia wakikitafuta.

Kisa hiki kinapaswa kuwekwa kando ya miraba ya Uzhhorod. Kwa nje, matukio mawili yanafanana: askari wanakimbia, mwongozaji hakutaka wakimbie, kazi inarudiwa. Kwa ndani, ni kinyume. Askari wa Bondarchuk walikimbia kwa sababu walijua mengi kuliko jukumu lao, kwani miili yao ilijua farasi ni nini. Mawakala wa Regelous walikimbia kwa sababu walijua machache kuliko jukumu lao. Katika kisa cha kwanza, kosa lilirekebishwa kwa kuzungumza na watu, kuwatuliza na kuwarudisha. Katika cha pili, lilirekebishwa kwa kubadilisha kanuni, na halikuhitaji kurekebishwa tena.

Hapa ndipo mabadiliko ya kweli yalipo. Nidhamu ya kundi, ambayo ilikodiwa kutoka kwa jeshi au kuombwa kutoka kwa raia, sasa huandikwa na wataalamu wachache chumbani. Kinachoonekana kwenye picha kama ushujaa, woga au ghasia ni maamuzi ya mwandishi wa kanuni kuhusu namna watu wengi wanavyotenda. Hakuna anayeweza kumshangaza isipokuwa kwa kosa lake mwenyewe.

7. Athari kwa utafiti na sera

Kutokana na uchambuzi huu, mambo mawili yanawahusu wasomaji wa makala haya. La kwanza ni usomaji wa filamu kama hati. Mandhari ya umati, kama ile ya Gandhi, ina ushahidi kuhusu watu waliokuwapo na wakati wao. Mandhari ya halaiki, kama ile ya Waterloo, ina ushahidi kuhusu taasisi iliyoikopesha filamu watu wake, na kuhusu miili yao. Mandhari ya nakala ina ushahidi kuhusu wachache waliopigwa picha, si kuhusu wingi unaoonekana. Mandhari ya wakala ina ushahidi kuhusu dhana za waandishi wake. Hifadhi za filamu na walimu wa historia wanaoonyesha mandhari hizi darasani wanahitaji kujua ni aina gani iko mbele yao, na mara nyingi filamu moja huchanganya aina tatu katika fremu moja, kila moja katika ukanda wake.

La pili ni kazi. Mwigizaji wa umati hulipwa kwa siku, na siku hizo ndizo zilizopungua. Mtu anapopigwa picha kutoka pembe zote, mwili wake unaweza kujaza ukumbi baada ya yeye kwenda nyumbani, na unaweza kutumika katika filamu ambayo hakuwahi kuisikia. Suala hili lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa katika mgomo wa waigizaji wa Marekani mwaka 2023, na mkataba uliofuata uliweka masharti ya ridhaa na malipo kwa nakala za kidijitali, pamoja na kuwazuia watayarishaji kuzitumia ili kukwepa idadi ya waigizaji wa umati iliyokubaliwa. Nchi inayotoa nafuu ya kodi kwa watayarishaji wa kigeni kwa matumaini ya ajira haina budi kuuliza maswali ambayo mwaka 1969 hayakuwa na maana: watu wangapi watahitajika kwa siku ngapi, picha za miili yao zitahifadhiwa wapi, na zitatumika mara ngapi.

8. Hitimisho

Filamu za kiepiki zimekuwa zikidanganya kuhusu idadi tangu vikaragosi vya Ben-Hur. Kwa upande huo, kompyuta iliendeleza kazi iliyokwisha kuanza. Kilichobadilika ni mahali mwendo wa wengi unapotoka. Ulitoka katika kambi ya jeshi, ukatoka katika barabara za mji uliokuwa ukikumbuka, ukatoka katika watu 1,500 waliohamishwa kutoka kona hadi kona, na sasa hutoka katika kanuni zilizoandikwa. Maneno umati, halaiki, nakala na wakala yanatosha kuzitaja hatua hizo kwa Kiswahili bila kuazima istilahi nyingine. Yakitumiwa kwa uangalifu, yatamwezesha mtafiti anayekutana na uwanda uliojaa askari kuuliza kwanza waliletwa na nani, na kama kuna yeyote kati yao aliyeweza kukataa kusimama pale.